Naomba ushauri: barua ya kudai kamisheni, mauzo ya tatu niyawekeje?

Habari zenu wadau. Mimi ni wakala wa mauzo wa kujitegemea, nauza mashine za kufungashia bidhaa. Mkataba unasema nalipwa 5% ya bei kabla ya kodi, "mteja akilipa". Kampuni haijanilipa mauzo matatu. Nimempigia meneja na kumtumia ujumbe. Jibu ni lile lile, subiri mwisho wa mwezi. Sasa naandika barua rasmi.

Kila mauzo nimeyapa mstari wake: namba ya ankara, tarehe, bei, kiwango na ninachodai. Ya kwanza ni 8,000,000, kamisheni 400,000. Ya pili ni 6,000,000, kamisheni 300,000. Hapo sina wasiwasi, wateja wamemaliza kulipa na nakala za risiti ninazo.

Kinachonisumbua ni ya tatu. Bei ni 10,000,000, lakini mteja kalipa 6,000,000 na zilizobaki analipa kwa awamu. Juu ya hapo, mhasibu anadai kiwango ni 3%, eti kilishushwa kwa barua pepe. Barua pepe hiyo ilikuja baada ya mteja kusaini oda, na mimi sikuwahi kuikubali. Mkataba wenyewe haugusii malipo ya awamu.

Naomba kujua: nidai 300,000 za kiasi kilicholipwa na kutaja kwamba 200,000 zitafuata, au nisubiri mteja amalize? Pia, nikiyaweka yote kwenye barua moja, si watatumia ubishi wa hii ya tatu kuzuia hata zile mbili zisizo na mgogoro?