Simu imeibwa na laini imeenda, na nshaomba kazi sehemu tatu. Nawaambiaje?

Binti_wa_Barani:
Habari zenu wapendwa. Jumamosi niliibiwa simu pale steji Malindi nikishuka kwa matatu ya Watamu, na laini ikaenda nayo. Nkakimbia duka la mtandao nirudishiwe namba yangu wakaniambia laini imesajiliwa kwa kitambulisho cha kaka yangu, lazima aje mwenyewe, na kaka ni baharia hayupo mpaka wiki mbili zijazo. Basi nkanunua laini mpya.

Sasa shida ni hii, mwezi huu nimeomba kazi ya risepshen sehemu tatu: hoteli moja Watamu nimetuma kwa imeili, wakala mmoja wa ajira Mombasa alinipokelea sivii kwa wasapu, na nyingine nimejaza kwenye tovuti ya kazi. Kote namba ni ile ya zamani na matangazo yote yasema watakaoitwa ndo watakaopigiwa. Niombe upya na namba mpya ama niwaandikie tu? Na naogopa nionekane msumbufu. Imeili bado iko wazi kwa laptopu ya dada.

Kobe_Mzee:
Dada fanya simswap tu, namba irudi, habari iishe. Hakuna haja ya kuandikia mtu.

Binti_wa_Barani:
Kaka hebu soma vizuri, laini si ya jina langu 😅

Tuktuk_ya_Kisumu_Ndogo:
Kwani pesa zilizokuwa ndani ya hiyo laini umezipata? Mimi yangu ilipopotea niliwapigia siku hiyo hiyo wakaifunga, wewe ukikaa wiki mbili mwizi atajua pini. Na wale wanaokukopesha kwa simu je?

Binti_wa_Barani:
Laini nshaifungisha asante, hapo nauliza mambo ya kazi jamani

Mama_Shela:
Mwanangu, nimekaa kwa ofisi ya ajira ya hoteli miaka kadhaa kabla sijaanza biashara yangu, nkwambie kinachotokea upande ule. Sivii zikishaingia kuna mtu anazipitia, wale anaowataka anawaandika kwa karatasi ama ekseli, jina na namba, basi. Siku ya kuita watu anashika ile karatasi anapiga mmoja mmoja. Akipata "haipatikani" anajaribu tena labda mara moja, kisha anashuka kwa jina linalofuata, maana wageni wanakuja na nafasi lazima ijazwe. Harudi kutafuta imeili yako. Kwa hivyo msumbufu si anayetoa namba mpya, ni yule asiyepatikana.

Usiombe upya. Hiyo ndo nliyokuwa nkiona ikiwaharibia watu, jina moja linatokea mara mbili na namba mbili tofauti, anayeandika karatasi anachukua ile ya kwanza, ama anadhani ni watu wawili.

Hoteli ya Watamu: ingia imeili, nenda kwa zilizotumwa, fungua ile ile uliyoombea kazi ubonyeze jibu. Kichwa cha barua usikiguse hata herufi, ukikibadilisha kwa Gmail inakuwa barua mpya peke yake na ya kwanza inabaki kule chini. Namba mpya iweke mstari wa kwanza kabisa kabla ya salamu ndefu, kwa sababu kile kipande kinachoonekana kabla barua haijafunguliwa ndo hicho. Mfano: "Namba yangu mpya ni 07xx, ya zamani haipatikani tena. Naomba ibadilishwe kwenye maombi yangu ya risepshen niliyotuma tarehe fulani." Kisha jina kama lilivyo kwenye sivii. Ambatisha sivii iliyorekebishwa. Na uandike kwa lugha ile ile uliyoombea. Habari ya wizi na steji iache, haiwahusu.

Halafu piga simu pia, kwa ile karatasi nlokwambia. Usipige saa nne asubuhi wageni wanatoka, wala saa nane wanaingia. Saa sita hivi utapata mtu ametulia. Omba idara ya ajira, sema jina, nafasi, namba, na umuombe akusomee ile namba aliyoiandika. Watu wanageuza tarakimu sana.

Pwani_Fundi:
Kuna njia rahisi, elekeza simu za namba ya zamani ziingie kwa mpya, unapiga hivi:

```
**21*07XXXXXXXX#
```

na kutoa ni

```
##21#
```

Sivii hata haihitaji kuguswa.

Mama_Shela:
Hiyo yafaa mtu ambaye laini anayo mkononi, lazima upige ukiwa na ile laini yenyewe. Yake imeibwa na imefungwa. Na hata ikikubali inaelekeza simu tu, meseji haziji, na wengine siku hizi saa ya intavyuu wanaituma kwa meseji.

Pwani_Fundi:
Ok hapo kwa meseji umenipata. Lakini kaka yake akirudi afanye simswap kisha aweke hiyo, au vipi

Mama_Shela:
Akirudi ndio, ama atie laini zote mbili kwa simu moja, rahisi zaidi. Ile ya zamani asiitupe mpaka msimu huu wa kuajiri uishe.

Mjukuu_wa_Langoni:
Salaam kutoka Lamu. Na yule wakala wa Mombasa? Mimi wakala wangu nilimwandikia wasapu kwa namba mpya akanyamaza siku tatu, nlipoenda ofisini kwake akasema alidhani ni matapeli, maana kila siku anaandikiwa na namba asizozijua "mimi fulani nimebadilisha laini".

Mama_Shela:
Ndo hiyo. Kwa wakala mpigie kwa sauti, umtajie kitu ambacho mwizi hakijui, mfano siku uliyompelekea sivii na kazi mliyoizungumzia, kisha ndo umtumie wasapu akiwa bado yuko kwa simu. Wakala wengi wakipeleka sivii kwa mwajiri wanaondoa namba yako wanaweka ya kwao, kwa hivyo huenda ukimwambia yeye tu imetosha. Lakini muulize, wengine hawaondoi.

Tovuti ya kazi hapo sina uhakika nayo sana. Ninavyojua ukibadilisha namba kwa wasifu wako inabadilika kwa maombi yajayo, yale uliyoshatuma mara nyingi yanabaki yalivyokwenda. Angalia kama tangazo lina imeili ya mwajiri umwandikie kando.

Binti_wa_Barani:
Asante sana mama. Na nifungue na imeili mpya ya jina zuri? Hii yangu ni ya tangu shule, ina neno kipusa 🙈

Kobe_Mzee:
kipusa 😂😂 fungua leo leo

Mama_Shela:
Usifungue sasa, tovuti inakujua kwa imeili, ukija na nyingine unakuwa mtu mpya. Kipusa ivumilie mwezi huu. Ila kwa laptopu ya dada, kabla hajakutoa, ingia mipangilio ya akaunti ubadilishe namba ya kurudishia nywila, kama ni ile iliyoibwa siku Gmail ikitaka kukutumia namba za kuthibitisha ni wewe zitaenda kwa laini iliyofungwa na imeili utaipoteza pia.

Binti_wa_Barani:
Wallahi ilikuwa ile ile, nimebadilisha sasa hivi. Hoteli nimewapigia saa sita na robo, yule dada kanisomea namba, na kweli alikuwa ameandika 6 mahali pa 9. Wakala hashiki simu. Mjukuu, kwa Mombasa niende mwenyewe ama ningoje kesho?

Mjukuu_wa_Langoni:
Ngoja kesho asubuhi kwanza, nauli si kidogo. Asiposhika mtumie imeili kwa ile ya zamani, kipusa na yote