Kifaransa: kwa nini “tout étonnées” lakini “toutes contentes”? Naomba ushauri

Mwongozaji_Meru
Wakuu, salaam. Naongoza watalii hapa Arusha, na kila baada ya safari naandika ripoti fupi kwa Kifaransa. Juzi niliandika sentensi mbili kuhusu akina mama wawili tuliokwenda nao Tarangire:

Mes deux clientes étaient toutes étonnées devant les éléphants.
Elles sont rentrées tout contentes.

Ripoti ikarudi na kalamu nyekundu. Ya kwanza imekuwa *tout étonnées*, ya pili *toutes contentes*. Yaani nilipoweka wingi wa kike umeondolewa, nilipouacha umewekwa! Wanawake ni walewale wawili. Nishike kanuni gani?

Kipanga77
Mkuu, hapo *tout* ni kielezi, maana yake “kabisa”. Kielezi hakibadiliki kamwe. Ya kwanza wamekusahihisha vizuri, ya pili wamekosea wao. Rudisha *tout contentes*.

Mama_Zawadi
Mimi hata *tous les jours* na *toute la journée* zilinisumbua sana. Mwalimu wangu alituambia umoja ni “nzima”, wingi ni “kila” au “zote”. Siku nzima, kila siku. Jaribu hiyo, mdogo wangu.

Mwongozaji_Meru
Asante dada, hizo mbili naziweza. Kinachonisumbua ni *tout* inayokaa mbele ya sifa.

DadaWaLushi
Kaka, nimesoma kwa Kifaransa tangu shule ya msingi hapa Lubumbashi, ngoja nikueleze. Kipanga yuko sawa kwamba ni kielezi, lakini hiki kinabadilika mahali pamoja tu: mbele ya sifa ya kike inayoanza na konsonanti. Kwa hiyo *toutes contentes* ni sahihi.

Sababu iko sikioni. Sema *tout contents* ya wanaume: unasikia “tu”, ile t ya mwisho haitamkwi. Kwa wanawake watu husema “tut”, t inasikika, na ili isikike lazima uandike *toute* au *toutes*. Sasa sema *tout étonnées*. T inaruka yenyewe na kushika irabu ya mbele, “tutetone”. Imeshasikika, kwa hiyo maandishi yakaachwa bila e wala s.

Ndiyo maana *tout heureuse* haiongezwi kitu, h yake ni kama haipo. Lakini *honteuse* ina h inayokataa kuunganishwa na neno lililotangulia, hivyo ni *toute honteuse*.

Halafu kuna sababu ya pili ya kukusahihisha. *Elles étaient toutes étonnées* msomaji anaelewa “wote walishangaa”, maana hapo *toutes* inakuwa kiwakilishi. Wewe ulikuwa na watu wawili, na wawili Mfaransa angesema *toutes les deux*. Jipime kwa Kiswahili kabla ya kuandika: ukitaka “wote”, *toutes*. Ukitaka “kabisa”, sikiliza herufi inayofuata.

Kipanga77
Nimekubali, dada, nilifundishwa nusu. Ila *elles sont toutes contentes* basi ni “wote” au “kabisa”?

DadaWaLushi
Zote mbili, na maandishi peke yake hayakuambii. Kwa wanaume hakuna shida: *ils sont tout contents* ni “tu”, *ils sont tous contents* ni “tus”, s inasikika. Kwa wanawake mbele ya konsonanti inabidi uangalie habari yenyewe. Mimi nikiona utata naandika *très contentes*, nikitaka “wote” naandika *toutes sont contentes*.

Mwalimu_Kigoma
Niongeze kidogo. Agizo la wizara ya elimu ya Ufaransa la Desemba 1976 linaruhusu mtahiniwa aandike *toute étonnée* bila kuhesabiwa kosa. Ila hilo ni la mitihani. Wahariri wengi bado wanataka *tout*, na kwenye wingi ningekushauri usiiguse ruhusa hiyo, kwa sababu ya huo mgongano na “wote”.

Mwongozaji_Meru
Nimeelewa sasa, asanteni sana. Nimeirudia ripoti nzima na nimekwama mahali pamoja: mmoja wao alilia aliposikia simba usiku, nikaandika *elle était toute en larmes*. *En* inaanza na irabu, niondoe e?

DadaWaLushi
Kwa kanuni, *tout en larmes*. Lakini *toute en larmes* nayo naiona kwenye vitabu vizuri.

Mwalimu_Kigoma
Mimi ningeacha *toute*. Aliyejaa machozi ni yeye mzima, si kielezi tupu.

DadaWaLushi
Hapo mwalimu hatukubaliani. Ningeandika *tout*.

Mama_Zawadi
Andika *elle pleurait*, kaka, ripoti iende.