Mjadala Lubumbashi: tufunge fremu kwenye mashine zote za shindano?

Mwandaaji wa shindano, Kampemba: Tunaandaa shindano la Counter-Strike 2. Nusu ya mashine za ukumbi zina kadi ya picha ya GTX 1650, nusu RX 570, na skrini zote ni 144 Hz. Wanaokaa upande wa RX wanalalamika kwamba moshi ukitanda ndani ya gemu mausi inakuwa nzito, wakati namba inasoma fremu 125 mpaka 150 kwa sekunde. Kuna anayetaka tufunge fremu, yaani tuziwekee kikomo chini kidogo ya uwezo wa kadi. Wengine wanasema huko ni kumnyima mtu fremu alizolipia. Tulazimishe au tuache?

Fundi wa Kamalondo: Fungeni, hasa hizo RX 570. Namba ya fremu inaeleza picha ngapi zinatoka, haielezi kila picha ni ya zamani kiasi gani. Kadi ikielemewa, prosesa haimsubiri. Inasoma mausi, inaandaa fremu, inaiweka mlangoni kwa kadi, inaanza nyingine. Kwa gemu za DirectX 11 foleni hiyo kwa kawaida inaruhusiwa kufika fremu tatu. Kwa hiyo picha unayoiona ilibeba mkono wako wa zamani, kabla fremu zilizo mbele yake hazijachorwa.

Tuchukue namba zenu wenyewe. Moshi ukitanda, kadi inatoa fremu 125, yaani kila moja inaichukua milisekunde 8. Zikiwa mbili zimekaa foleni, ni milisekunde 16 zimepotea kabla kadi haijaigusa fremu yako. Ukifunga kwenye 120, prosesa inaleta kazi kila baada ya milisekunde 8.3. Kadi inamaliza kwa 8, inapumzika kidogo, inakuta fremu mpya. Foleni haina pa kuanzia. Umepoteza fremu 5, umerudishiwa kama milisekunde 16.

Kwenye konsoli ya gemu andika hivi:

```
fps_max 120
```

Kijana wa Katuba: Yaya, nakuheshimu, lakini ile kikomo ni bongo tu. Nyumbani nilifunga kwenye 120 nikasikia mausi imekuwa nzito zaidi. Nikaachia, zikapanda 170, ikawa nyepesi. Fremu nyingi ni bora, basi.

Fundi wa Kamalondo: Ulipoachia, kadi yako ilikuwa inasoma asilimia ngapi ya kazi?

Kijana wa Katuba: Sitini na kitu. Prosesa yangu ni ya zamani, kadi ndiyo nzuri.

Fundi wa Kamalondo: Basi kwako foleni haikuwepo tangu mwanzo. Prosesa ndiyo inayochelewa, kadi inaisubiri. Ukifunga unaipunguzia kasi mashine isiyokuwa na foleni, na mausi inasomwa mara chache zaidi kwa sekunde. Kwa mashine yako umesema kweli. Kwa zile RX za ukumbini, ambazo moshi ukija zinasoma 98 au 99, si kweli. Hiyo asilimia ndiyo ya kutazama kabla ya kubishana: iwashe pembeni ya skrini, cheza mahali pazito, usikae kwenye menyu.

Shabiki wa Ruashi: Mimi nawaunga mkono mfunge. Juzi nilimwona adui kwanza, nikapiga kwanza, nikafa mimi. Ping ilikuwa juu ya mia. Kikomo kitanisaidia sana.

Mwandaaji wa shindano: Ndugu, hiyo ni njia ya intaneti mpaka seva na kurudi. Shindano ni la ndani ya ukumbi, seva iko mezani.

Shabiki wa Ruashi: Sawa, lakini nilikufa kweli.

Mama mwenye ukumbi: Wanangu, mimi naangalia jenereta. Kuran ikikatika, kadi zikikimbia bila kikomo esansi inakwisha na chumba kinachemka, na mwezi wa kumi hapa mnaujua. Kama kufunga ni kuzuri, fungeni 60 tumalize.

Fundi wa Kamalondo: Mama, kwa esansi uko sahihi, kwa wachezaji hapana. Kwenye 60 kila fremu ina milisekunde 16.7. Mtu akibonyeza mara tu baada ya mausi kusomwa, anangoja karibu muda huo wote kabla mashine haijajua. Foleni tumeiondoa, na pengo kati ya fremu tumelifanya refu mara mbili. Tena kadi ikiona kazi ni ndogo inashusha kasi yake, na fremu iliyokuwa inachorwa kwa 8 inachukua zaidi. Kikomo kikae jirani na uwezo wa kadi.

Mwanafunzi wa uhandisi, UNILU: Jirani na uwezo upi, mukubwa? Mahali patulivu kadi inafika 150, kwenye moshi 125. Mtu akifunga 145 akiwa menyuni atafurahi, kisha moshi utakuja, kadi itashuka chini ya kikomo, foleni itajaa tena, tena wakati ule ule anaohitaji mkono mwepesi. Na 125 yenyewe imepimwa chumba kikiwa na baridi. Kadi ikichemka saa nane mchana inajipunguza, labda 115, na `fps_max 120` inakuwa pambo.

Mimi ningeshusha vivuli na ubora wa picha kwanza mpaka kadi ipumue, ndipo nifunge. Ukishusha picha unapata fremu zaidi na foleni inaondoka. Ukifunga tu, umeondoa foleni kwa kupoteza fremu.

Fundi wa Kamalondo: Hapo sina ubishi. Ila wachezaji wengine hawataki picha ishushwe, wanasema hawaoni kivuli cha mtu mlangoni. Vivuli kwenye gemu hii ni habari, si urembo.

Kijana wa Katuba: Na upande wa GTX?

Fundi wa Kamalondo: Hao wana NVIDIA Reflex ndani ya gemu. Inamzuia prosesa asikimbie mbele, bila kuchagua namba, hata moshi ukibadilisha mambo. RX 570 haina kitu cha namna hiyo ndani ya gemu hii: Anti-Lag 2 ya AMD, inayofanya kazi hiyo, inataka RX 5000 kwenda juu. Inabaki na Anti-Lag ya kwanza, ya draiva, na kikomo cha mkono. Ndiyo maana malalamiko yametoka upande mmoja wa ukumbi.

Mwanafunzi wa UNILU: Basi pimeni, msiniamini mimi wala yeye. Simu nyingi zinarekodi picha 240 kwa sekunde. Iweke ione kidole juu ya mausi pamoja na skrini, piga risasi, halafu hesabu picha kutoka kitufe kinaposhuka mpaka mdomo wa bunduki unapowaka. Kila picha ni kama milisekunde 4.2. Rudia mara nyingi muwe na wastani, maana risasi moja inadanganya. Fanyeni ndani ya moshi, bila kikomo, kisha na kikomo. Picha zikipungua kwa tatu au nne, fundi ameshinda. Isipobadilika, kadi haikuwa imeelemewa, au kikomo kimekaa juu mno.

Mwandaaji wa shindano: Tutapima Jumamosi, mchana wa joto. Lakini bado: nikifunga RX kwenye 110 ili joto lisiniangushe, na GTX zibaki wazi na Reflex, mtu akishindwa hatasema nimempa mashine iliyofungwa?

Kijana wa Katuba: Atasema. Mimi ningesema.

Fundi wa Kamalondo: Badilisheni viti nusu ya mechi.

Mama mwenye ukumbi: Viti badilisheni. Jenereta nani analipa?