Tupeane uzoefu: barua pepe fupi ya kuomba kazi kwenye shirika linalotegemea wahisani

Binti wa Kondoa

Habari za leo wanajamvi. Nilikuwa afisa uwandani kwenye mradi wa maji vijijini, wilayani Kondoa, hadi mradi ulipofikia ukomo. Sasa limetoka tangazo la nafasi ya afisa mradi katika shirika jingine lisilo la kiserikali. Hawataki barua ndefu ya maombi; wanataka wasifu pamoja na barua pepe isiyozidi maneno 150, yenye kuonyesha uzoefu wa kuandika ripoti, kusimamia bajeti na kufanya kazi uwandani. Rasimu yangu inaanza hivi: “Nina uzoefu mkubwa wa kuandaa ripoti, kusimamia bajeti na kushirikiana na jamii, na ninajituma bila kusimamiwa.” Nikiisoma naona inaweza kuandikwa na mtu yeyote. Waliowahi kuitwa kwenye usaili, au kukaa upande wa wanaochambua maombi, naomba mtueleze mliyoyaona.

Kijana wa Miradi

Dada, mimi nilianza kuitwa nilipoanza kutaja fedha. Andika thamani nzima ya mradi, hata kama ni bilioni 1.8, kisha orodhesha wafadhili wote ambao shirika lako lilifanya nao kazi. Anayesoma akiona tarakimu kubwa anasimama hapo hapo.

Mama Hesabu

Nimekuwa meneja wa fedha za miradi kwa muda mrefu, na nimekaa kwenye kamati za kuchuja maombi. Kijana amesema kweli kwamba tarakimu inamsimamisha msomaji, lakini si tarakimu ile. Afisa uwandani akiandika kwamba alisimamia bilioni 1.8, swali la kwanza la usaili litakuwa ni nani alikuwa anaidhinisha malipo, na hapo wengi hunyamaza. Taja fungu lililopita mikononi mwako, hata kama ni dogo. Ukisema ulipokea masurufu ya mafunzo na kuyarejesha kwa stakabadhi na orodha za mahudhurio, mimi mhasibu ninaelewa kwamba umeshika fedha za mradi kwa kweli, kwa sababu asiyewahi kuzishika huishia kwenye neno “bajeti”. Tena nitakuuliza ulifanyaje kijijini, ambako mwenye pikipiki au mama ntilie hana risiti ya mashine ya EFD, na ninategemea unieleze habari za hati ya kukiri malipo yenye jina, sahihi na namba ya simu ya mpokeaji.

Jambo la pili ni kwamba waombaji wengi huyatenganisha mambo haya matatu: sentensi moja ya ripoti, moja ya bajeti, moja ya uwandani, kila moja ikiwa imetoka kwenye kazi tofauti. Kwenye mradi mambo hayo hayatengani. Kilichotokea uwandani ndicho kinachosababisha fedha zitumike pungufu au zipitilize, na ripoti ndiyo inayomweleza mfadhili sababu. Chagua tukio moja ambamo yote matatu yalikutana, ulieleze katika sentensi tatu au nne. Wala usione haya kutaja robo mwaka ambayo fedha hazikwisha. Kutumia asilimia mia si sifa yenyewe. Sisi tunatafuta mtu anayeweza kueleza tofauti kati ya bajeti na matumizi halisi kabla mfadhili hajauliza.

Mwenyekiti wa Kikundi

Asanteni kwa mada. Kikundi chetu cha ufugaji nyuki tunataka kumwandikia mhisani atupe mizinga. Je, kwenye hiyo barua pepe tuonyeshe mchango wa wanakikundi, au tusubiri mpaka atuulize?

Mama Hesabu

Mwenyekiti, hilo ni ombi la ruzuku, si ombi la kazi, na lina taratibu zake. Kwa kifupi, mchango wenu uonyesheni tangu mwanzo. Mengine yafungulie mada yake, tutakuja huko.

Mpwani wa Kilifi

Nami niko upande wa kuajiri, katika miradi ya afya huku Kenya. Nitaongeza la viambatisho. Kuna mwombaji aliyetuletea ripoti nzima ya robo mwaka ya shirika alikotoka ili kuthibitisha kwamba anajua kuandika, na ndani mlikuwa na majina ya wagonjwa na namba zao za simu. Hatukuendelea naye, ingawa uandishi wake ulikuwa mzuri. Andika tu kwamba sampuli iliyoondolewa taarifa za watu inaweza kupatikana ikihitajika, kwa idhini ya mwajiri wa zamani. Wasifu uwe PDF moja, na faili libebe jina lako badala ya neno “wasifu” pekee, maana mafaili ya jina hilo yanatujia mengi.

Binti wa Kondoa

Nimewaelewa, na ninashukuru. Nimeandika upya:

“Ndugu Meneja Rasilimali Watu, ninaomba nafasi ya Afisa Mradi mliyoitangaza. Katika mradi wa maji vijijini wilayani Kondoa nilisimamia mafunzo ya vyombo vya watoa huduma ya maji ngazi ya jamii katika kata nne. Nilipanga ratiba na watendaji wa vijiji, nilipokea masurufu na kuyarejesha, na niliandika sehemu ya mafunzo katika ripoti ya robo mwaka. Robo ya Januari hadi Machi mafunzo yalitengewa shilingi 24,000,000 na yakatumia 15,600,000, kwa kuwa mvua zilikata barabara ya kwenda kata mbili. Nilieleza sababu hiyo kwenye ripoti na kupendekeza mafunzo yasogezwe robo iliyofuata; mfadhili alikubali, na yalikamilika Mei. Wasifu wangu umeambatishwa.”

Mama Hesabu

Hapo sasa kuna mtu. Nina marekebisho mawili. “Mfadhili alikubali” inaacha swali la nani alimwandikia. Kama ni meneja wako, sema kwamba meneja aliliwasilisha pendekezo lako. Haikupunguzii kitu, na msomaji ataamini yaliyobaki. Pia ongeza asilimia 65 kando ya hiyo 15,600,000, kwa kuwa ndiyo lugha ya jedwali la matumizi, na nafasi ya maneno bado unayo. Kwenye kichwa cha barua pepe andika nafasi unayoomba na jina lako.

Kijana wa Miradi

Nakubali kuhusu bilioni, Mama, ila bado nasema jina la mfadhili litajwe. Kila mfadhili ana muundo wake wa ripoti, na mwajiri anataka kujua ni upi umeuzoea.

Mama Hesabu

Mfadhili mmoja, yule wa mradi unaouelezea, sawa.

Mpwani wa Kilifi

Hapo pana ugumu kwa wale ambao miradi yao ilikuwa ya USAID na ikakatizwa mwaka 2025. Wengine wanaanza barua pepe kwa kueleza ukatishwaji huo, na maneno yanaisha kabla hawajasema walichokifanya. Kwa maoni yangu wasiutaje kabisa, kwa kuwa kila aliye kwenye sekta anaufahamu.

Mama Hesabu

Mimi ningeutaja kwa mtu aliyebaki kufunga mradi. Kuhakiki orodha ya mali, kufunga madai ya masurufu na kuandika ripoti ya mwisho huku wenzako wameshaondoka ni uzoefu ambao maafisa wengi hawana.

Mpwani wa Kilifi

Kwa aliyefunga mradi, labda. Kwa aliyepewa barua asubuhi na kukabidhi kompyuta mchana, bado nasema auache hadi aulizwe kwenye usaili.