Nimelipa elfu 80 kuchorewa bawa, nimepewa mabawa mawili yanayopingana

Binti Shangani

Wakuu, salamu. Nina hasira, na nataka yeyote wa Mtwara au Lindi anayefikiria kuchorewa bawa la ndege ya mfano asome hapa kabla hajatoa hela yake.

Ndege yangu ni ya mita 1.4 kutoka ncha hadi ncha, ya kubeba kamera nipige picha za mikoko kule Mikindani. Mwili nimeujenga mwenyewe. Bawa ndilo lililonishinda kuchora, nikampelekea fundi wa michoro hapa mjini. Nilimwandikia kila kitu kwenye karatasi: eafoili, yaani umbo la mkato wa bawa, ni Clark Y, upana shinani, pale bawa linapoungana na mwili, milimita 240, nchani 160, urefu wa kila bawa 700, na nchani woshauti ya digrii 3, yaani pua ya ncha iiname kuliko ya shina ili ncha iwe ya mwisho kuacha kubeba ndege ikipunguza mwendo. Tukakubaliana elfu 80.

Mchoro wa kwanza ulikuja umekunjamana. Nukta alizitoa kwenye faili la `clarky.dat`, linalopatikana kwenye mkusanyo wa Chuo Kikuu cha Illinois, nalo linaanza hivi:

```
CLARK Y AIRFOIL
      61.       61.
```

Maana yake kuna nukta 61 za juu, halafu 61 za chini, na orodha zote mbili zinatoka ukingo wa mbele kwenda nyuma. Yeye alizipitisha zote kama uzi mmoja. Mstari ulipofika nyuma ukaruka tena hadi puani, ukakata eafoili katikati. Nikamwelekeza mimi, mteja: igeuze orodha ya juu isomeke kutoka nyuma kuja mbele, futa ile sifuri ya puani inayojirudia, endelea na orodha ya chini, kisha funga nyuma kwa mstari mfupi. Akafanya, Loft, ile amri ya FreeCAD inayounganisha mkato wa shina na wa ncha kuwa bawa, ikakubali, bawa likatoka laini. Nikamalizia malipo.

Tukachapisha mikato ya shina na ncha, tukakata vibao vya plaiwudi, tukapitisha waya wa moto kwenye stairofomu. Bomba la kaboni la kuunganisha mabawa liliingia kwenye matundu ya yote mawili bila kukwama. Nikaamini kazi imekamilika.

Juzi nimerusha. Kuanzia inaondoka chini inalalia kushoto. Nimeshikilia eleroni, vile vibao vya nyuma ya mabawa vya kulaza ndege, kulia muda wote hadi kidole kinauma. Nilipopunguza mwendo nitue, ghafla bawa la kulia likaachia, ikajigeuza na kupiga pua chini. Kamera imevunjika. Nimempigia fundi, jibu lake ni kwamba sijui kurusha. Nimerusha miaka minne mimi!

Mpiga Picha wa Angani

Pole dada. Lakini kabla ya yote, kibali cha mamlaka ya anga, TCAA, unacho? Wengi mnarusha tu.

Binti Shangani

Kaka, kibali ni habari nyingine na nitaijibu kwenye uzi wake. Hapa ninaongelea mchoro.

Kusi la Mchinga

Dada, hiyo 61 iliwahi kunitesa mimi. Nilikuwa natengeneza mapanga ya kinu cha upepo cha kuvutia maji ya bustani hapa Mchinga. Nikaingiza faili zima bila kufuta mstari wa pili, programu ikadhani ni nukta. Eafoili yangu ya upana wa sentimita 20 ikawa na nukta moja iliyo mita 12 nyuma na mita 12 juu. Nikifungua mchoro naona kitone tu. Nilihangaika jioni nzima.

Ila kuhusu msokoto, nadhani umekosea kumwagiza. Panga langu shinani limeinuka sana na nchani limelala. Na wewe fanya hivyo, msokoto mkubwa, siyo digrii 3.

Mzee wa Waya wa Moto

Ndugu yangu wa Mchinga, panga la kinu linazunguka. Nchani linakata upepo kwa kasi kubwa, shinani polepole, ndiyo maana pembe zinatofautiana sana. Bawa la ndege linakwenda mbele lote kwa kasi moja. Digrii 3 za dada zinatosha kabisa.

Binti, ulivyoeleza ajali nimepata shaka. Inalalia kushoto ikiwa na kasi, halafu ya kulia ndiyo inaachia ikipoa. Hilo ni bawa la kulia linalobeba kupita mwenzake, na ncha yake ndiyo inayochoka kwanza. Yapime mabawa mezani, na ukiwa na faili la mchoro tubandikie namba za ncha zote mbili.

Injinia wa Ligula

Kupima ni rahisi. Laza sehemu bapa ya shina mezani, ncha itokeze nje ya meza, pima urefu wa ukingo wa mbele na wa nyuma kwenye ncha. Milimita 160 kwa digrii 3 ni milimita 8.4. Ukingo wa nyuma usipokuwa juu kwa milimita 8, woshauti si digrii 3.

Binti Shangani

Nimepima hivyo hivyo, nimerudia mara tatu. Bawa la kushoto: ukingo wa nyuma uko juu ya wa mbele kwa milimita 3 tu. La kulia: wa MBELE ndio uko juu, kwa milimita 14. Kwa hiyo yote mawili ni mabovu? Hata hilo la kushoto?

Namba za faili ni hizi. Mhimili wa x unaenda nyuma, y unaenda kulia, z unaenda juu:

```
Ncha kushoto  Position (0,-700,0)  Axis (0,1,0)  Angle -3
Ncha kulia    Position (0, 700,0)  Axis (0,1,0)  Angle  3
```

Mzee wa Waya wa Moto

La kushoto ni zima. Injinia amekusaidia nusu. Clark Y ni bapa chini kuanzia kama asilimia 30 ya upana kurudi nyuma, na ukiilaza kwa huo ubapa, pua yake inabaki juu ya meza kwa asilimia 3.5 hivi ya upana. Kwa ncha yako hiyo ni milimita 5.6, hata bila msokoto wowote. Kwa hiyo woshauti sahihi inaonekana kama 8.4 kutoa 5.6, yaani karibu 3. Ndicho ulichopima kushoto. Kulia zimejumlishwa: 5.6 na 8.4, ni 14. Ncha ya kulia imeinuka digrii 3 badala ya kuinama, na kati ya ncha zako mbili kuna digrii 6.

Kosa liko kwenye alama ya mwisho ya mstari wa pili. Fundi wako aliona upande wa pili wa ndege, akageuza alama ya y, halafu akageuza na ya pembe akidhani kila kitu kinageuka. Pembe inazunguka mhimili wa y wenyewe. Pua kuinama ni -3 kushoto na ni -3 kulia. Mimi huwa sichori bawa la pili kabisa. Nachora moja, halafu Part Mirroring kwa kutumia XZ. Kioo hakikosei alama.

Injinia wa Ligula

Nakubali, ule ubapa niliusahau. Ila swali: kama mabawa yamesokotwa kinyume, bomba la kaboni liliingiaje bila kukwama? Lingekataa, tungejua mapema.

Mzee wa Waya wa Moto

Hapo ndipo penye kuuma. Tazama Position, x ni 0 kwenye ncha zote. Kila ncha imezungushwa kwenye ukingo wake wa mbele. Bila shaka tundu la bomba liko milimita 40 kutoka puani, shinani na nchani, na kwa upande wa ncha hiyo ni robo ya upana. Pua ikibaki palepale, hiyo robo inapanda milimita 2 kwenye bawa la kushoto. Kulia, kwa kuwa msokoto ni wa kinyume, inashuka milimita 2. Moja linapanda, jingine linashuka kwa kiasi hicho hicho, bomba linapita sawa kama rula iliyoegemezwa. Yangekuwa sahihi yote mawili, matundu yangepanda pande zote na kufanya kama herufi V bapa. Kosa moja lilifichwa na jingine.

Binti Shangani

Nimekaa kimya dakika kumi baada ya kusoma hii. Nilimsifia fundi kwa lile bomba! Nilimtumia hadi video.

Basi nikichora upya, nizungushie wapi?

Mzee wa Waya wa Moto

Kwenye robo. Kabla hujakuza nukta, toa 0.25 kwenye kila x ya faili. Puani itakuwa -0.25, nyuma 0.75, na sifuri itakaa palipo na bomba. Ndipo uzidishe kwa 240 upate shina na kwa 160 upate ncha, uzungushe ncha peke yake -3, uisogeze 700. Pua ya ncha itashuka milimita 2, nyuma itapanda 6, bomba litabaki limenyooka. Utaona pia ukingo wa mbele umerudi nyuma milimita 20 nchani. Usishtuke, ni kwa sababu bawa linapungua na robo zimepangwa kwenye mstari mmoja.

Shina na ncha zitoke kwenye faili lile lile, kwa idadi ile ile ya nukta, zikianzia ukingo wa nyuma. Moja ikianzia nyuma na nyingine puani, Loft itajaribu kuunganisha nyuma na pua, na utarudi kwenye ule mkunjo wa kwanza.

Kusi la Mchinga

Kwani asikate la kulia peke yake? La kushoto si zima? Bomba la kaboni litapinda hizo milimita 2, halitahisi chochote.

Mzee wa Waya wa Moto

Litapinda, ni kweli. Hofu yangu ni stairofomu, kila mtikisiko utakuwa unalikwangua tundu. Mimi ningekata yote mawili, ila sitabishana na asiye na hela ya stairofomu.

Injinia wa Ligula

Bado sijaridhika kwamba ajali yote ni ya msokoto. Ulikuwa umeshikilia eleroni kulia, hiyo ya kulia ilikuwa imepanda, na eleroni ikipanda inaipunguzia mzigo sehemu ile ya bawa. Upepo wa baharini jioni nao upo. Inawezekana ulikumbwa ukigeuka.

Binti Shangani

Injinia, sikuwa nimegeuka, nilikuwa nimenyoosha kuelekea uwanjani. Na eleroni zangu zinaishia sentimita 15 kabla ya ncha. Lakini upepo ulikuwepo, siwezi kuukana.

Taarifa: nimempelekea fundi mstari ule wa `Angle 3`. Ameona. Amesema atarudisha elfu 20 tu, kwa kuwa "kuchora alichora". Nimekataa. Nilichoagiza kimeandikwa kwa mkono wangu, woshauti nchani, mabawa yote, na karatasi anayo.

Usiku huu nimechora mwenyewe, nimetoa 0.25, nimezungusha, nimetumia kioo. Mpwa wangu amenisaidia kukata. Nimegeuza mabawa kichwa chini, nikaweka simu yenye pima maji juu ya rula kwenye ubapa: shina sifuri, ncha digrii 3 kushoto, shina sifuri, ncha 2.8 kulia, na kwa yote pua ya ncha imeinuka, yaani yakigeuzwa sawa inainama. Bomba limepita. Kamera sina, nitarusha bila kamera.

Mzee wa Waya wa Moto

Hiyo 0.2 huenda ni waya umelegea katikati ya kukata. Kaza springi, na urushe asubuhi kabla upepo haujaamka.