Naomba ushauri: kompyuta za maabara zinafuta programu kila zinapowashwa upya

Ndugu wanajamvi, nimekabidhiwa maabara ya kompyuta ya shule ya sekondari, na kila programu ninayosakinisha, hata Python ambayo wanafunzi wanaihitaji sana, hutoweka mashine inapowashwa upya, ingawa mafaili ya diski D hubaki. Karibu na saa kuna alama ya dubu ya Deep Freeze. Nimebonyeza Ctrl+Alt+Shift+F6 ili nichague Boot Thawed, lakini inadai nywila ambayo fundi aliyetangulia hakuiacha. Uongozi umeniruhusu kuiondoa Deep Freeze.

Je, nikiwasha kwa flashi, nikafomati C peke yake na kusakinisha Windows upya, mafaili ya D yatabaki salama? Na nikiirudisha Deep Freeze baadaye, kazi za wanafunzi zihifadhiwe kwenye ThawSpace au kwenye D isiyogandishwa?