Mjadala: Cheti cha matangazo ya mtandaoni kinathibitisha nini?

MwenyeDuka_Nkuhungu: Nauza matanki ya maji hapa Dodoma na nawapelekea wateja wa mjini tu. Natafuta kijana wa kusimamia matangazo yangu ya Google. Mmoja ameleta cheti cha Skillshop, tovuti ya mafunzo ya Google wenyewe, kilichoisha mwaka jana, mwingine ameleta cha Coursera, tovuti ya kozi za mtandaoni, kisicho na tarehe ya mwisho. Je, nimchukue huyu ambaye cheti chake hakiishi?

MzeeWaMakole: Ndugu, cheti kilichoisha muda hakina thamani. Google wenyewe wamekipa mwaka mmoja kwa sababu wanajua mambo yao yanabadilika. Pamoja na hayo, vijana wetu siku hizi wanakusanya vyeti badala ya kujifunza kazi, na majibu ya mitihani hiyo yamezagaa mtandaoni.

Binti_Kongwa: Shikamoo mzee wangu. Neno lako la kukusanya vyeti limeniumiza. Mimi nilisoma usiku kwa bando la kujinunulia, nikajifunza Universal Analytics, zana ya Google ya kupima wanaotembelea tovuti, hadi nikaielewa, kisha tarehe 1 Julai 2023 ikaacha kupokea takwimu mpya na kila mtu akatakiwa kuhamia zana mpya ya GA4. Elimu yangu ilizeeka kwa uamuzi wa kampuni, si kwa uvivu wangu. Tena vyeti hivi tunavitafuta kwa sababu waajiri hawatuiti kwenye usaili bila hivyo.

MzeeWaMakole: Marahaba mwanangu. Sikukutaja wewe. Hata hivyo, umethibitisha nilichosema, kwamba vinazeeka.

Fundi_Matangazo_Kisasa: Mzee yuko sahihi kuhusu majibu, lakini tarehe ya mwisho haipimi anachokidhani. Mtihani wa Google Ads kwenye Skillshop ni wa bure, mtu anaufanya kwenye kompyuta yake bila msimamizi, anachagua majibu, na akifikisha asilimia 80 amefaulu. Cheti kinaonyesha kwamba siku hiyo alifaulu mtihani huo, na hakionyeshi kwamba amewahi kutumia fedha za mtu mwingine na kuzitolea hesabu. Kile cha Coursera hakiishi kwa sababu kinathibitisha kozi iliyokamilishwa, kwa hiyo kinaweza kubeba masomo ya zamani bila alama yoyote ya kumtahadharisha mwajiri.

Niliwahi kuitwa kukagua akaunti ya duka la vifaa vya ujenzi lililohudumia Dodoma mjini pekee. Aliyeitengeneza alikuwa na cheti ambacho hakijaisha. Alichagua eneo la Dodoma, ila akauacha mpangilio wa maeneo kama alivyoukuta, yaani "Presence or interest", ambao unawaonyesha tangazo hata watu walio mbali ilimradi wameonyesha nia na Dodoma. Fedha zikawa zinalipia watu wa Mwanza na Dar es Salaam ambao duka lisingeweza kuwapelekea mzigo. Kisha alihesabu kila ufunguzi wa ukurasa wa mawasiliano kuwa ni mteja, akachagua "Every" badala ya "One", hivyo mtu mmoja aliyeufungua mara tatu baada ya kubofya tangazo akahesabiwa mara tatu. Ripoti ilipendeza, simu ya dukani ikawa kimya. Tulilibaini kosa kwa kufungua ripoti ya maeneo na kuilinganisha na daftari la simu zilizopigwa.

NyumbaYaWageni_AreaC: Kaka, mpangilio huo unaoulaumu ndio unaonilisha. Wageni wangu wengi wanatafuta chumba wakiwa bado Dar es Salaam, kabla hawajapanda treni ya SGR. Ningewabana waliopo Dodoma tu, ningewakosa.

Fundi_Matangazo_Kisasa: Ni kweli, na mimi kwako ningeuacha hivyo hivyo. Ndiyo maana sitamuuliza mwombaji mpangilio upi ni sahihi, nitamuuliza kwa biashara hii angechagua upi na kwa nini. Vitufe vinabadilika: tangu mwisho wa Juni 2022 haiwezekani kuunda matangazo ya maandishi ya aina ile ya zamani, na aliyejifunza hayo peke yake ameachwa nyuma. Kusoma orodha ya maneno ambayo watu waliyaandika kabla ya kubofya, na kuyazuia yasiyohusiana na biashara, ni kazi iliyokuwepo zamani na ingalipo leo.

MzeeWaMakole: Basi umekubali kwamba mtihani hauna maana.

Fundi_Matangazo_Kisasa: Sijakubali hilo, mzee. Aliyeusoma kwa dhati anaanza kazi akiwa anayajua majina ya vitu, na hilo linapunguza wiki za kumwelekeza.

MwenyeDuka_Nkuhungu: Nimewapigia wote wawili. Mwenye cheti kilichoisha aliniuliza kwanza kama napeleka matanki hadi Bahi na Chamwino. Mwenzake alinitajia alama alizopata. Sasa naelekea kwa yule wa kwanza, ila mke wangu anasisitiza aurudie mtihani kabla hatujamkabidhi akaunti.

Binti_Kongwa: Aurudie, ni bure. Lakini mpeni pia ripoti ya mwezi mmoja aisome mbele yenu. Na mimi bado nangoja mwajiri atakayenipa ripoti kabla ya kuniomba cheti.